Kamba haitoshi

"Mtu akizama kwenye mahindi ndani ya silo, lile ghala refu la nafaka, si anarushiwa kamba na kuvutwa?"

Hapana, ingawa hata mafundi wazoefu huamini hivyo. Mlango wa chini ukiwa wazi, nafaka hutiririka kama maji kwenye faneli. Anayetembea juu yake hunaswa magoti kwa sekunde 4 au 5, na ndani ya nusu dakika huenda asionekane tena. Nafaka ikitulia humbana pande zote. Akizama hadi kiunoni, kumng'oa huhitaji nguvu ya kilo 150 na zaidi, juu ya uzito wake mwenyewe. Ukivuta kwa winchi unaweza kumvunja uti wa mgongo.

Waokoaji huzima kwanza mashine ya kutolea nafaka na kuifunga kwa kufuli. Kisha hushindilia vibao vya chuma kumzunguka, vikaunda kama pipa, ndipo wakachota nafaka iliyo ndani yake hadi alegee. Huchukua saa kadhaa. Aliyefunikwa kabisa hutafutwa kwa kukata matundu ukutani pande zote, maana tundu moja laweza kuliangusha silo. Mara nyingi hutolewa maiti.