Wengi wape haihesabiki kwenye daftari la hisa

Kila msimu wa mikutano mikuu ya kampuni, lalamiko linaloletwa kwenye dawati letu la wawekezaji hapa Kisumu ni lile lile. Wanahisa walijaa ukumbini, wakanyoosha mikono kupinga hoja, wakaonekana wazi kuwa wengi. Kisha mwenyekiti akaagiza kura ipigwe kwa karatasi, na hoja ikapita. Anayelalamika huwa ana hakika kura zimeibwa. Mara nyingi hazikuibwa. Alinunua hisa za kampuni yenye madaraja mawili ya hisa, na hakusoma katiba ya kampuni hiyo.

Tunaelewa mazoea haya yanatoka wapi. Eneo letu limelelewa na Sacco na vyama vya ushirika, ambako kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Kampuni haiendeshwi hivyo. Kura ya mikono huhesabu watu, lakini ya karatasi huhesabu hisa, na hiyo ya karatasi ikishaitishwa kwa utaratibu, ndiyo inayoamua. Waliozoea hisa kama za Safaricom, zilizouzwa kwa umma mwaka 2008, wanajua kwamba kila hisa ina kura moja. Penye madaraja mawili, hisa zenyewe hazilingani: kwa mfano, za daraja A walizouziwa watu wa kawaida zina kura moja kila moja, na za daraja B alizobaki nazo mwanzilishi zina kura kumi kila moja. Gawio huweza kuwa sawa kabisa kwa kila hisa, ndiyo maana mtu hukaa miaka bila kugundua tofauti.

Tuchukue kampuni ya mfano ya kusindika maziwa, Nakuru, yenye hisa milioni 10. Mwanzilishi ana hisa milioni 2 za daraja B, na wanahisa wengine wana milioni 8 za daraja A. Kura za mwanzilishi ni milioni 20, za wengine wote ni milioni 8, jumla milioni 28. Ameweka asilimia 20 ya mtaji, lakini ameshika asilimia 71 ya kura. Kuteua wakurugenzi, kuidhinisha hesabu na kuchagua wakaguzi ni maazimio ya kawaida yanayohitaji zaidi ya nusu ya kura tu, kwa hiyo hayo yote ni yake. Hata akiuza hisa zake polepole, nazo zikigeuka kuwa za daraja A zinapouzwa, kwa uwiano huu wa kumi kwa moja ataendelea kushika zaidi ya nusu ya kura mpaka abaki na takriban asilimia 9 ya hisa zote.

Hapa wengi hukata tamaa mapema, nasi tunasema wanakosea. Kubadilisha katiba ya kampuni kunahitaji azimio maalumu, na Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka azimio hilo lipate angalau asilimia 75 ya kura. Asilimia 75 ya kura milioni 28 ni milioni 21. Mwanzilishi wetu ana milioni 20. Akitaka, tuseme, kuongeza kura za daraja B kutoka kumi hadi ishirini, hawezi peke yake.

Tatizo ni kwamba kura zinazohesabiwa ni zile zilizopigwa, si zote zilizopo. Wenye hisa milioni 4 za daraja A wakibaki nyumbani, kura zinazopigwa ni milioni 24, na milioni 20 za mwanzilishi zinakuwa asilimia 83. Azimio limepita, hata kama kila mwenye daraja A aliyefika alilipinga. Ili kulizuia, lazima hisa 6,666,667 za daraja A zipige kura ya hapana, yaani karibu tano katika kila sita. Ikipungua hata moja, mwanzilishi anafikisha asilimia 75. Asiyekuja mkutanoni na wala hakutuma mwakilishi hajakaa katikati. Kwa hesabu hii, amempunguzia mwanzilishi kazi.

Kinga ya pili ni kura ya daraja. Haki zilizofungwa kwenye daraja fulani la hisa haziondolewi bila ridhaa ya wenye daraja hilo wenyewe, na hapo nako kipimo ni asilimia 75 isipokuwa katiba ieleze vingine. Katika kikao cha daraja A, kura milioni 20 za daraja B hazina nafasi. Lakini kinga hii ina tundu ambalo watu hawalioni. Mahakama za mfumo wa sheria tuliourithi kwa Waingereza zimeshikilia kwamba kutoa hisa mpya si kubadilisha haki za hisa za zamani, hata kama nguvu ya kura yako inamomonyoka. Kura yako moja bado ni kura moja. Kwa hiyo kama katiba haisemi waziwazi kwamba kutoa hisa zaidi za daraja B kunahitaji kibali cha daraja A, usitegemee kikao cha daraja kukuokoa.

Wanaonunua hisa za Marekani kwa simu nao wasidhani hili haliwahusu. Facebook, ambayo sasa ni Meta, ina mpangilio huu huu wa kura moja kwa kumi. Mwaka 2016 kampuni ilileta pendekezo la hisa mpya zisizo na kura, ili Mark Zuckerberg aweze kugawa mali yake bila kupoteza usukani. Pendekezo lilipita kwenye mkutano, kwa kuwa kura nyingi zilikuwa zake. Wanahisa wengine walikwenda mahakamani, na Septemba 2017, kesi ikikaribia kusikizwa, kampuni ikaliacha. Kwetu pia mlango wa mahakama upo: kifungu cha 780 cha Sheria ya Kampuni kinamruhusu mwanahisa kwenda Mahakama Kuu akionyesha kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa kumwonea. Kushindwa kura tu si kuonewa. Tafadhali msituletee faili ambayo ndani yake hakuna jingine.

Kabla ya kununua, basi, fomu ya CR12 kutoka eCitizen haitoshi. Inaonyesha wakurugenzi na nani ana hisa ngapi, lakini idadi ya kura kwa kila hisa imo kwenye katiba ya kampuni. Omba nakala. Tafuta kwanza sehemu ya haki za kura, kisha uangalie kama hisa ya daraja B hugeuka kuwa A inapouzwa au mwanzilishi anapofariki, na kama kuna mwaka ambapo kura za ziada hukoma. Pasipo na maneno hayo, kura kumi zaweza kurithiwa na mtu usiyemjua. Ukiuziwa hisa kupitia kundi la WhatsApp, simama hapo hapo: kampuni binafsi haipaswi kuzidi wanahisa 50 wala kuualika umma kununua, na kutoa hisa kwa umma bila waraka ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ni kosa la jinai.

Kwa ambao tayari ni wanahisa, ilani ya mkutano hutolewa siku 21 kabla, pamoja na fomu ya kumteua mwakilishi. Jaza jina la mwakilishi, weka alama ya ndiyo au hapana kwa kila azimio, tia sahihi inayofanana na iliyo kwenye rejesta. Kwa kawaida fomu hutakiwa kufika saa 48 kabla ya mkutano. Mkutano ukiwa Ijumaa saa nne asubuhi, fomu iliyotoka Bungoma Jumanne jioni na kufika Jumatano saa tano haitahesabiwa, na hisa zake zitakuwa miongoni mwa zile zilizobaki nyumbani.