Rangi ya kuazima: mbona ukuta mweupe unatoa ukijani?

Shangazi yangu anaishi Buruburu, na mwaka jana alipakisha sebule rangi nyeupe, ile nyeupe kabisa, akasema amechoka na krimu. Siku tatu baadaye akanipigia simu akiwa moto, ati fundi amemchanganyia rangi, ukuta mmoja uko kijani kijani na dari iko pinki. Fundi naye anaapa mkebe ni mmoja, lita 20, kuta zote na dari.

Nilienda na karatasi nyeupe ya kawaida ya kuprinti. Nikaishika kwa ule ukuta wa kijani na karatasi pia ikawa kijani. Nikaipeleka ukuta wa nyuma, ikarudi kuwa nyeupe. Sasa hiyo karatasi hakuna mtu ameipaka rangi, so shida haikuwa kwa mkebe. Shangazi akaangalia, akaniambia, "Haya basi, niambie ni nini."

Hii kitu mimi naiita rangi ya kuazima. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake, ukigonga kitu, hicho kitu kinameza zingine na kurudisha zilizobaki. Jani linameza sana nyekundu na bluu, linarudisha kijani, na kijani kingine kinapita katikati ya jani na kutokea upande ule mwingine, ndio maana chini ya mti kwenyewe kuna ukijani. Nje ya dirisha la shangazi kuna mparachichi mkubwa umeziba karibu anga yote, kwa hivyo mwanga mwingi unaoingia umeshapitia kwa majani. Ukuta mweupe nao haubagui, unarudisha chochote umeletewa. Ukiletewa kijani, unakuonyesha kijani.

Dari ilikuwa stori ingine. Sakafu yake ni ile ya simiti ya redi oksaidi, inasuguliwa na waksi mpaka inang'aa. Inameza kijani na bluu na kurusha nyekundu, na inarusha wapi? Juu, ju ndiko inaangalia. Dari ndiyo iko uso kwa uso na sakafu, kwa hivyo ndiyo inakula pinki nyingi, halafu sehemu ya chini ya ukuta, karibu na skating, nayo inapata yake kwa sababu iko karibu, na ukipanda juu ya ukuta inafifia. Saa nne asubuhi jua likiwa limeingia na kupiga sakafu moja kwa moja, hapo ndio kilele, dari inakuwa kama imepakwa strobery.

Kutofautisha hizo mbili ni rahisi, ngoja usiku uwashe taa. Kijani cha mti kitapotea kabisa, mti uko gizani hauna mwanga wa kurusha. Pinki itabaki, ju taa pia inapiga sakafu. Shangazi alitandika zulia la kijivu katikati ya sebule na dari ikatulia palepale, kidogo tu ikabaki kwa kona.

Ukuta wa jirani pia unafanya hivi, hasa kama ni wa manjano na uko karibu. Hapa Nairobi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo ukuta wa jirani unaoangalia kusini unapigwa na jua la mchana na kukurushia rangi yake kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Machi, miezi ingine uko kivulini. Ndio unakuta mtu anasema rangi "imegeuka" Desemba na haijageuka mahali.

Fundi alitaka kuongeza tone la nyekundu kwa nyeupe ndio ikate kijani. Inakata kweli, lakini mchana tu, na kwa huo ukuta mmoja. Usiku utakaa na ukuta wa pinki. Na siku mparachichi ukipunguzwa matawi, hesabu yote imeharibika. Nilimwambia aache.

Afadhali kabla ya kununua lita 20 upake ubao wa kama futi mbili kwa mbili, uuzungushe kila ukuta, asubuhi, saa tisa, na usiku na taa yako. Ile kadi ndogo ya dukani haitoshi, tena rangi ikiwa kwa kuta zote nne zinarushiana zenyewe kwa zenyewe, kwa hivyo krimu ya kadi inakuja kukolea zaidi kwa nyumba, sana sana kwenye kona. Na usiamini picha ya simu, kamera inajaribu kusawazisha rangi yenyewe, shangazi alinitumia picha na kwa picha ukuta ulikuwa mweupe pe.

Rangi kali kama bluu nzito hazionyeshi sana hii mambo, zinameza mwanga mwingi na kurudisha kidogo. Ni nyeupe, ofwaiti na kijivu hafifu ndizo zinaazima ovyo. Shangazi mwishowe aliacha ukuta vile ulivyo, akakata tawi moja la mparachichi, lile lililokuwa linagusa dirisha, na fundi akalipwa salio lake.