Mteja akisitisha kazi katikati: andika bei, usiandike adhabu

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na mafundi na wabunifu kuhusu mikataba ni hili: "Mteja kaghairi, kianzio nirudishe?" Mikataba yao mingi husema tu "kianzio hakirudishwi". Sentensi hiyo haitoshi, kwa sababu haisemi kazi iliyozidi kianzio italipwaje.

Tuseme mbunifu wa Dar es Salaam amekubali kumtengenezea muuza viungo nembo na lebo za chupa kwa shilingi 3,000,000, akapokea kianzio cha 1,200,000. Wiki ya tatu ameshapeleka rasimu ya kwanza, na mfukoni mwake ametoa 250,000 za mpiga picha. Usiku mteja anamwandikia: "Tusimame kwanza, mwenzangu amejitoa."

Kama mkataba umeweka ada ya kusitisha kwa hatua, hesabu ni fupi. Hatua ya wazo ni asilimia 30 ya bei, rasimu ya kwanza ikishapokelewa ni 60, marekebisho yakikamilika ni bei yote. Gharama za watu wengine zinalipwa kando, kwa risiti. Hapa basi ni 1,800,000 kuongeza 250,000, toa kianzio: mteja anadaiwa 850,000. Angesitisha kwenye hatua ya wazo, ada ingekuwa 900,000, na mbunifu ndiye angerudisha 300,000. Wengi hukunja uso wakisikia hivyo, lakini ada ya hatua kwa hatua hukata pande zote mbili.

Kwa nini tusiandike tu kwamba anayeghairi atalipa bei yote hata siku ya pili? Tanzania, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema mkataba ukivunjwa, kiasi kilichotajwa humo ndicho kikomo tu. Mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi hapo, hata kama hasara haijathibitishwa. Neno "faini" linamkaribisha wakili wa mteja kwenye kifungu hicho. Ni salama zaidi kuandika kwamba mteja ana haki ya kusitisha kwa taarifa ya maandishi, na ada ya kila hatua ndiyo bei ya haki hiyo. Asilimia nazo zifanane na kazi iliyokwishafanyika pamoja na nafasi uliyomtengea ukakataa wateja wengine.

Kinachosumbua zaidi ya kughairi ni ukimya. Mteja hasitishi, hajibu, miezi inapita. Andika kwamba siku 14 bila jibu baada ya ukumbusho wa maandishi zitahesabiwa kuwa amesitisha, na ada ya hatua iliyofikiwa inadaiwa siku hiyo. Ongeza kwamba haki ya kutumia michoro haihami kwake hadi ada ilipwe. Hadi hapo, mpe rasimu zenye alama ya maji, na faili za kuhaririwa zibaki kwako.