Kwa nini ile paipu ndefu ya alumini ilisoma zaidi jana mchana

Bosi habari za asubuhi, naona ile paipu ya alumini ya milimita 900 imewekwa kwenye rejekti kwa sababu jana mchana ilisoma 900.12 na mchoro unaruhusu 0.1 tu juu na chini. Naomba isikatwe kwanza, mi naona shida ni joto.

Iko hivi, vipimo vya kwenye mchoro vinahesabiwa kitu kikiwa na nyuzi 20, ndo kiwango cha dunia nzima (ISO 1), na jana karakana ilikuwa nyuzi 32. Alumini inarefuka kama mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, sasa weka mita 0.9 mara nyuzi 12 za ziada, inakuja karibu 0.25 mm. Utaniuliza mbona basi imesoma 0.12 tu? Ni kwa sababu vania yetu nayo ni chuma na nayo ilikuwa na joto lile lile, chuma kinarefuka nusu ya alumini, kwa hiyo vania yenyewe ilishakuwa ndefu kama 0.12 na ikaificha nusu ya kosa. Ndo maana pia shafti za chuma hazitusumbui hata mchana wa jua kali, zinarefuka sawa na vania. Na kipenyo hakijasumbua kwa sababu ni milimita 40 tu, hapo tofauti ni mikroni tano sita, vania haiwezi kuiona.

Leo asubuhi nimeipima tena, imelala benchi usiku kucha pembeni ya vania, themomita inasema 24, imesoma 900.04. Hakuna aliyeigusa. Ukipiga hesabu inarudi kwenye 900.00 kabisa.

Sasa tungeikwangua ile 0.12 jana, ikipoa hadi 20 ingekuwa 899.88, hapo ni skrepu kweli na hairudi tena.

Kwa urefu huu na vania hii, kila nyuzi moja juu ya 20 toa 0.01 kwenye unachosoma. Lakini hiyo ni pale paipu na vania vina joto moja. Ikitoka kwenye mashine bado ya moto, kila nyuzi inayoizidi vania inaongeza 0.02 nyingine, na kulanti ikiwa ya vuguvugu haisaidii sana, kwa hiyo iachwe benchi hadi joto lake lilingane na la vania, na usiishike katikati kwa mkono muda mrefu.

Kama inawezekana tutenge kipande kimoja cha alumini hiyo hiyo ambacho urefu wake unajulikana, kikae pale pale benchi tuwe tunalinganisha nacho, maana kitarefuka sawa na paipu na hesabu yote hii haitahitajika. Zile nyingine za shifti ya mchana bado ziko kwenye rejekti, nikipata ruhusa yako nazipima zote kesho asubuhi kabla mashine hazijawashwa.