Swali la balagha na kimya kinacholifuata

Swali la balagha haliulizwi ili lijibiwe kwa sauti. Mzungumzaji analiuliza ili kila aliyekaa mbele yake alijibu moyoni, na kimya cha makusudi ndiyo nafasi anayowaachia wafanye hivyo. Bila nafasi hiyo swali hupita tu.

Tumezoea namna nyingine ya kuuliza. "Maji tunayachemsha ili tuue nini?" Umati unaitikia: "Vijidudu!" Sauti inatoka, lakini wengi wamefuata jirani zao. Kwa kukariri inafaa. Kwa kumfanya mtu mkimya apime jambo mwenyewe, haitoshi.

Mchukue muuguzi anayewaeleza akina mama kliniki kuhusu ORS, dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji na kumpa mtoto anayeharisha. Anaanza: "Mtoto ameharisha tangu alfajiri. Kufikia saa sita mchana, mwilini mwake kumepungua nini?" Ananyamaza huku akiwatazama, akihesabu polepole hadi tatu. Kisha: "Maji na chumvi. Ndiyo maana paketi hii ya lita moja tunaikoroga kwenye lita moja kamili ya maji safi." Halafu linakuja swali zito zaidi: "Ukiikoroga kwenye nusu lita, dawa itakuwa na nguvu zaidi?" Ananyamaza tena. Hapo ndipo mama aliyedhani hivyo anajikuta ameshajibu ndiyo, naye anataka kujua kama yuko sahihi. "Hapana. Chumvi itazidi, na inaweza kumdhuru mtoto." Maelezo yaleyale, yakitolewa bila swali, yangemkuta hana hamu ya kuyasikia.

Kwa nini ahesabu hadi tatu? Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi walisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Yale yalikuwa maswali ya kujibiwa, ila nadhani msikilizaji asiyefungua mdomo naye anahitaji muda wa kufikiri.

Muda huo huharibika kirahisi sana. Mzungumzaji akiinamia karatasi, watu hudhani amesahau. Akirudia swali kwa maneno mengine, anawakata waliokuwa wameanza kufikiri. Akijaza "eee" katikati, kimya hakipo tena.

Utajua kimefanya kazi nyuso zikiinuka, mkono ukiacha simu, midomo ikichezacheza. Mtu akijibu kwa sauti, mpokee na uendelee. Macho yakishuka chini yote kwa pamoja, huenda wameona ni mtihani, au swali limewaaibisha. "Hivi kweli mnawapenda watoto wenu?" ni la namna hiyo: anayelisikia huanza kujitetea, na ORS anaisahau. Na kwenye mkutano wa mtandaoni kimya kirefu hudhaniwa kuwa mtandao umekatika, kwa hiyo sema kwanza: "Nawapa muda kidogo mfikiri."