Wasifu wa afisa ustawi wa jamii: kueleza mashauri bila kumfichua mtu

Wasifu wa afisa ustawi wa jamii ni maelezo mafupi, aya mbili au tatu, yanayomwambia msomaji afisa amesomea nini, anapokea mashauri ya aina gani na mipaka yake ya kazi iko wapi. Hubandikwa ofisini, huwekwa kwenye kipeperushi cha shirika au huambatishwa kwenye ombi la mradi. Sehemu inayoharibika mara nyingi ni ile ya mashauri, kwa sababu afisa hutaka kuonyesha uzito wa kazi yake, na uzito huo umebebwa na maisha ya watu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa aliyehamia Ilemela ameandika hivi: “Mwaka 2021, nikiwa Ukerewe, nilimwondoa mwaloni binti wa miaka 13 aliyekuwa akianika dagaa na kufanyiwa ukatili na mwenye mtumbwi. Leo anasoma shule ya bweni hapa Mwanza.” Hakuna jina hata moja, na mwandishi anaamini amelinda siri.

Soma sentensi hiyo kwa macho ya mtu wa mwalo uleule. Wanaoanika dagaa pale wanafahamiana. Wanakumbuka binti aliyeacha kuonekana mwaka ule na siku afisa alipofika na polisi. Wao wanalijua jina tayari; walichokuwa hawakijua ni kilichompata na mahali alipo sasa. Wasifu umewapa vyote viwili. Aliyemfanyia ukatili naye amepewa habari muhimu kuliko zote, kwamba mtoto yuko shule ya bweni Mwanza. Kama kesi bado iko mahakamani, shahidi sasa anaweza kutafutwa, atishwe au ndugu zake wapelekewe pesa ili anyamaze.

Kwa hiyo jina ni sehemu ndogo tu ya utambulisho. Mtu hutambulika pale vitu vinne vinapokutana: mahali, wakati, sifa yake (umri, jinsia, ulemavu, ualbino, kazi) na tukio lenyewe. Kimoja peke yake kwa kawaida hakimwonyeshi mtu. Vitatu vikikaa pamoja katika kijiji cha kisiwani, aghalabu anabaki mtu mmoja. Mjini Nyamagana huenda wakabaki kadhaa, lakini ukitaja sifa adimu hata mji mzima hautoshi kumficha. Ndiyo maana mtoto mwenye ualbino hapaswi kuonekana kwenye wasifu kama kisa, hata kisa chenye mwisho mwema. Kanda ya Ziwa imeshuhudia mashambulizi ya kutosha kutufundisha kwamba kutaja mahali anapolelewa ni kumwonyesha njia anayemtafuta.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawauoni. Afisa anaweza kufuta “Ukerewe” na “2021” kwenye habari ya shauri, kisha mistari mitatu chini akaandika vituo vyake vya kazi pamoja na miaka. Msomaji anaunganisha mwenyewe. Dawa yake ni kutenganisha: vituo vitajwe mahali pamoja, na mashauri yaelezwe kwa aina, kwa wingi, kwa kazi yote tangu ajira ianze. Kama afisa amefanya kazi kituo kimoja tu, aseme “mkoani Mwanza” na aache jina la kata. Hesabu ndogo nazo ni hatari. “Mashauri 2 ya kuasili” katika wilaya moja ni kama kuzitaja familia zenyewe. Aseme tu kwamba anashughulikia maombi ya kuasili.

Sheria nayo inasimama upande huu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka Mahakama ya Watoto isikilize mashauri faraghani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Ridhaa haimalizi tatizo. Mama anayesubiri afisa amsaidie kudai matunzo ya mtoto atakubali lolote analoombwa, kwa kuogopa kuudhi. Hapo hajaridhia kwa hiari.

Sasa tuuandike upya wasifu ule:

“Nina shahada ya ustawi wa jamii kutoka Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam. Nimefanya kazi katika halmashauri za Ukerewe na Ilemela. Ninashughulikia mashauri ya ulinzi wa mtoto, yakiwemo ya utumikishwaji na ukatili, matunzo ya watoto, migogoro ya ndoa, na watoto waliokinzana na sheria, ambao ninaiandalia mahakama ripoti ya uchunguzi wa kijamii kuwahusu. Ninafanya kazi pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali na serikali za mitaa. Sitoi tiba ya magonjwa ya akili wala uwakilishi wa kisheria. Anayehitaji huduma hizo nampa rufaa.”

Uzito wa kazi haujapotea. Anayetafuta msaada anajua kama shauri lake linapokelewa hapa, na kuitaja ripoti ya uchunguzi wa kijamii kunamwonyesha hakimu au mfadhili kwamba mwandishi anaijua kazi. Upande wa mafunzo, andika kiwango kamili: cheti, stashahada au shahada, na chuo kilichokitoa. Semina ya siku tatu ya ushauri nasaha iitwe semina. Ikiandikwa kwa namna ya kumfanya msomaji adhani ni taaluma ya saikolojia, mtu aliyefiwa au anayefikiria kujiua atakuja kwa afisa asiyeweza kumhudumia.

Mipaka ya kazi iandikwe kwa maneno ambayo mteja ataweza kuyatumia. Ulio muhimu kuliko yote ni kwamba usiri una kikomo. Afisa akiahidi “siri yako haitoki hapa” kisha akalazimika kutoa taarifa kwa sababu mtoto yuko hatarini, mteja ataona amesalitiwa na hatarudi. Bora aandike mapema: “Unachoniambia kinabaki ofisini, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa au mahakama ikiniamuru.” Aongeze kwamba huduma hailipiwi, hapokei zawadi, hata samaki, na shauri la ndugu yake humkabidhi afisa mwingine. Namba iwe ya ofisi. Pia ataje namba 116, ya bure, ambayo mtu anaweza kuipiga kuhusu mtoto aliye hatarini ofisi ikiwa imefungwa.

Kwa mji kama Mwanza, ambapo afisa na mteja watakutana soko la Kirumba au kwenye kivuko cha Nansio, kuna sentensi moja inayostahili nafasi: “Tukikutana nje ya ofisi nitakusalimia kama ninavyomsalimia yeyote, wala sitagusia shauri lako.” Kumpita mtu bila salamu huku kwetu kunazua maswali; kumuuliza “ile kesi imefikia wapi” mbele ya jirani kunayajibu.

Picha ipigwe afisa akiwa peke yake, ukuta mtupu nyuma yake. Majalada mezani huwa na majina yanayosomeka picha ikikuzwa, na watu waliokaa kwenye benchi la kusubiri huonekana dirishani. Picha ya mtoto aliyezibwa macho haifai: sare ya shule, kovu na mtu aliyesimama kando yake vinatosha kumtambulisha.

Kabla wasifu haujatoka, asomewe mtumishi aliyewahi kuishi kwenye vituo vilivyotajwa, kisha aulizwe kama kuna mtu yeyote aliyemjia akilini. Akisema yupo, asiulizwe ni nani. Sentensi iliyomkumbusha ndiyo ya kufuta.