Wronskiani bila kusuluhisha mlinganyo: ufafanuzi kwa wanafunzi waliolalamikia alama

Tangu matokeo ya muhula yabandikwe, idara yetu imepokea maombi mengi ya kukaguliwa upya karatasi ya milinganyo tofautishi, kutoka Unguja na Pemba. Malalamiko takriban yote yanahusu swali moja. Kwa kuwa wazazi nao wameanza kupiga simu, tumeona tulieleze hadharani badala ya kumjibu kila mtu peke yake.

Swali lilitoa mlinganyo huu, na likasema suluhisho zake mbili, y1 na y2, zina Wronskiani, yaani ile hesabu inayoonesha kama suluhisho mbili zinategemeana au la, ya 3 pale x = 1. Mwanafunzi akatakiwa aitafute Wronskiani pale x = 5.

```
x y'' + y' + x y = 0
```

Kijana mmoja kutoka Wete alikuja ofisini na karatasi yake mkononi. "Maalim, nimejaza kurasa tatu na nimepewa alama mbili." Kweli alijaza kurasa tatu. Alizitafuta y1 na y2 kwa mfululizo wa vipeo, akapata suluhisho moja, la pili likamshinda, muda ukamwishia. Alifanya kazi ngumu kwa uaminifu, lakini kazi yenyewe haikuombwa. Swali halikusema "suluhisha". Nimewaeleza wanafunzi jambo hili kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaoamini kwamba Wronskiani haipatikani mpaka kwanza uzijue fankshoni zenyewe. Si kweli, na aliyelionesha hilo ni Niels Henrik Abel, Mnorwe aliyefariki mwaka 1829 akiwa na miaka 26.

Uandike mlinganyo katika sura ya kawaida, y'' peke yake mbele, na Wronskiani uiite W:

```
y'' + p(x) y' + q(x) y = 0
W = y1 y2' - y2 y1'
```

Sasa itafute derivativu ya W. Yanatokea maneno manne, lakini mawili ni y1' y2' moja ya kujumlisha na moja ya kutoa, yanafutana. Inabaki W' = y1 y2'' - y2 y1''. Hapo ndipo mlinganyo unapoingia kazini: kila y'' iondoe, weka -p y' - q y mahali pake. Kipande cha kwanza kinaleta -q y1 y2, cha pili kinaleta +q y1 y2, navyo vinafutana. Napenda mwanafunzi asimame hapa na kuzifuta herufi hizo kwa kalamu yake mwenyewe, maana siri yote ipo hapa. Ugumu wa kuusuluhisha mlinganyo wetu unatokana na ile q, na W haina habari na q hata kidogo. Kinachobaki ni mlinganyo wa daraja la kwanza, ambao kila aliyefika mwaka wa pili anaumudu:

```
W' = -p(x) W
W(x) = C e^(-∫p dx)
```

Turudi kwenye swali. Mbele ya y'' pana x, kwa hiyo kila kitu kigawe kwa x. Unapata p = 1/x, na q = 1 ambayo hatuihitaji. Integrali ya 1/x ni logi asilia ya x, basi W = C/x. Pale x = 1 tumeambiwa W ni 3, kwa hiyo C = 3. Pale x = 5, W = 3/5, yaani 0.6. Mistari minne imetosha, na hakuna aliyeulizwa y1 ni nini.

Utaratibu wa alama ni huu, na ninauandika kwa ukamilifu kwa sababu ndio unaolalamikiwa. Swali lina alama 10. Kugawa kwa x na kuitaja p sahihi ni alama 3. Integrali na alama yake ya kutoa ni 3. Kupata C na jibu ni 2. Kutaja kwamba kazi inafanyika upande wa x > 0 ni 2. Aliyesahau kugawa akasoma p = 1 atapata 3e^(-4), ambayo ni takriban 0.055. Huyo anapoteza alama 3 za mwanzo, lakini hatua zinazofuata zikiwa sahihi kwa p yake, anapewa alama zake za hatua hizo. Hatumwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Aliyesahau alama ya kutoa anapata W = 3x, na jibu 15. Naye anapoteza alama za hapo tu. Makosa yote mawili yangeonekana kwa kujikagua: chukua W uliyoipata, itafutie derivativu, uone kama ni sawa na -W/x. Derivativu ya 3x ni 3, ilhali -W/x ni -3. Nusu dakika inatosha kuligundua.

Wengine wameandika kwamba fomula ya Abel inaleta suluhisho za mlinganyo. Hailetei mtu suluhisho hata moja. Inaleta W tu, tena ikiwa na C isiyojulikana ndani yake. Hiyo C lazima uipate kwingine, kwa thamani ya W mahali pamoja kama tulivyopewa sisi. Ukishakuwa na suluhisho moja mkononi, W inakusaidia kulipata la pili, lakini hilo ni swali jingine.

Alama 2 za upande wa x > 0 ndizo zilizoudhi watu zaidi, wakiona ni ukali usio na maana. Naomba wanisikilize. Fomula inafanya kazi pale tu ambapo p haikatiki. Katika kipande kama hicho, e kwa kipeo chochote haiwi sifuri, kwa hiyo W ama ni sifuri kote, na suluhisho mbili zinategemeana, ama haigusi sifuri popote. Lakini p yetu, 1/x, inakatika pale x = 0, na W = 3/x inakimbilia ukomo usio na mwisho tunapoikaribia sifuri. Hilo peke yake lina habari kubwa: kama y1 na y2 zote zingetulia hapo sifuri, pamoja na derivativu zao, W nayo ingetulia. Haikutulia. Basi angalau moja kati yao haikai sawa pale sifuri, na tumelijua hilo bila kuiona hata moja.

Mlinganyo huu ndio unaotoka ukiipigia hesabu ngozi ya ngoma ya duara inayotikisika sawasawa pande zote, x ikiwa ni umbali kutoka katikati. Mpigaji anapoipiga, ngozi ya katikati inapanda na kushuka kidogo tu, haiwezi kuruka bila kikomo. Kwa hiyo katika kila jozi ya suluhisho zisizotegemeana, ipo angalau moja ambayo haiwezi kusimama peke yake kama mwendo wa ngozi ile.

Na ndiyo maana swali likikupa W pale x = 1 kisha likataka W pale x = -2, usiandike -3/2 kwa kufuata fomula. Sifuri ipo njiani. Upande wa pili una C yake, isiyojulikana kutokana na hii. Andika kwamba taarifa uliyopewa haitoshi, taja kwamba p inakatika pale x = 0, na utapewa alama zote.